Feni inavuma, prosesa inachemka: kurekebisha mkunjo wa kasi ya feni ndani ya BIOS

Kompyuta ninazoletewa kwa malalamiko ya feni huwa na moja kati ya mambo mawili. Ama mwenyewe hajawahi kugusa mipangilio na mashine inavuma mchana kutwa, au alinakili namba za mtu mwingine akapata ukimya wa siku tatu, kisha mashine ikaanza kuzimika. Kundi la pili hunitia wasiwasi zaidi. Namba nyingi zinazozunguka mtandaoni zilipimwa kwenye vyumba vya nyuzi 20 hadi 22. Chumba changu hapa Dar, saa nane mchana wa Februari, kina nyuzi 31 au 32, na feni haiwezi kuipoza prosesa chini ya hewa inayoivuta. Chumba kikiongezeka nyuzi 10, prosesa nayo hupanda karibu nyuzi 10 kwa kasi ileile ya feni. Mkunjo uliokuwa salama kule, hapa unaweza kukufikisha ukingoni.

Mkunjo wenyewe ni mstari kwenye grafu: chini kuna joto, pembeni kuna asilimia ya kasi. Unaingia BIOS kwa kubonyeza Del au F2 mara tu mashine inapowaka, kisha unatafuta sehemu ya feni. Kwenye bodi za ASUS inaitwa Q-Fan, za Gigabyte ni Smart Fan, za MSI iko ndani ya Hardware Monitor, na za ASRock ni Fan-Tastic Tuning. Majina yanatofautiana ila kazi ni ileile: unaweka nukta kadhaa, na bodi inaunganisha mstari kati yake.

Kabla ya kubadili chochote, piga picha ya ukurasa ule kwa simu. Kisha pima joto la sasa. Kwenye Windows tumia HWiNFO, na kwenye Linux fungua madirisha mawili, moja la kutazama joto na jingine la kuichosha prosesa kwa dakika 10:

```
watch -n 1 sensors
stress-ng --cpu 0 --timeout 10m
```

Andika namba tatu kwenye karatasi: joto la chumba, joto la prosesa ikiwa imetulia, na joto lake baada ya dakika 10 za kazi nzito. Bila hizo tatu utakuwa unabahatisha.

Dalili: feni zinapanda na kushuka kila baada ya sekunde chache

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote. Mwalimu mmoja aliniletea mashine yake akasema, "Fundi, hii kitu inapumua kama mtu aliyekimbia." Alikuwa sahihi kabisa. Kila akifungua kivinjari, feni inaruka juu, inashuka, inaruka tena. Sauti moja ya wastani isiyobadilika sikio huizoea kwa dakika chache, ila sauti inayopanda na kushuka haizoeleki.

Sababu ya kwanza, na ya mara nyingi zaidi, ni mkunjo unaoanza kupanda mapema mno. Prosesa za kisasa hujiongezea kasi ghafla kwa kazi ndogo kama kufungua ukurasa. Joto ndani ya chipu huruka nyuzi 10 hadi 15 kwa kufumba na kufumbua, kisha hurudi. Kipozeo chenyewe, yaani lile rundo la mapezi ya alumini, wala hakijapata habari. Feni ikikimbilia mruko ule inajisumbua bure, maana joto litakuwa limeshashuka kabla hewa haijafanya chochote.

Dawa ni kuufanya mkunjo uwe tambarare hadi juu kidogo ya kilele cha miruko hiyo. Nieleze kwa mashine yangu mwenyewe. Ina Ryzen 5 5600, prosesa ambayo kikomo chake ni nyuzi 90, na kipozeo cha mnara chenye feni moja ya milimita 120. Chumba kina nyuzi 31. Ikitulia inakaa kati ya 46 na 49, na nikifungua kivinjari inaruka hadi 60 au 61. Mkunjo iliokuja nao ulianza kupanda nyuzi 40, kwa hiyo kila mruko uliangukia kwenye mteremko.

Nikaifunga feni kwenye kasi moja moja na kuichosha mashine dakika 10 kila mara. Kwa asilimia 100 ilitulia nyuzi 72. Kwa asilimia 70 ilikuwa 75, kwa 50 ikafika 79, na kwa 35 ikapanda hadi 87. Tazama namba hizo vizuri, kwa sababu uamuzi wote umo humo. Kutoka 100 kushuka hadi 70 nimepoteza nyuzi 3 tu. Kutoka 50 kushuka hadi 35 nimepoteza 8. Faida ya kasi hupungua kadiri unavyopanda, lakini kelele haifanyi hivyo: ukikata kasi ya feni kwa nusu, sauti hushuka kwa takriban desibeli 15. Asilimia 30 za juu kabisa ndizo zenye kelele nyingi na upoaji kidogo.

Nukta nilizoweka ni hizi:

```
40 C  ->  35%
62 C  ->  35%
75 C  ->  60%
84 C  -> 100%
```

Kuanzia 40 hadi 62 feni haibadiliki hata kidogo, kwa hiyo miruko yote ya kivinjari inapita kimya. Nilipoichosha tena, ilitulia nyuzi 76 huku feni ikiwa kwenye asilimia 64 hivi. Ni nyuzi 4 juu ya kasi kamili, lakini kelele imepungua kwa karibu desibeli 10, ambazo sikio huzisikia kama nusu ya sauti. Nukta ya mwisho nimeiweka 84, si 90, ili feni iwe imeshafika kasi kamili kabla prosesa haijagusa kikomo chake. Namba hizi msinakili. Nakilini njia ya kuzipata.

Kama mkunjo umeshakuwa tambarare na feni bado inaruka, tafuta kipengele cha muda wa kusubiri, ambacho kwenye skrini kinaandikwa Step Up na Step Down au Step Up Time. Kinaiambia bodi isikimbilie mabadiliko bali isubiri kidogo au ipande polepole. Weka sekunde 3 hivi za kupanda, na ndefu zaidi za kushuka. Usiweke muda mrefu sana wa kupanda, kwani kazi nzito ya kweli ikianza unataka feni ifike mapema. Bodi za Gigabyte zina kitu kinachoitwa Temperature Interval, ambacho huizuia feni kubadilika mpaka joto lihame kwa nyuzi kadhaa. Hicho nacho kinasaidia.

Sababu isiyotokea sana ni pesti iliyokauka kati ya prosesa na kipozeo, au kipozeo kilichokaa upande. Utaitambua kwa ukubwa wa mruko: joto linatoka 45 hadi 80 ndani ya sekunde moja baada ya kuanza kazi, kisha linaporomoka vilevile kazi ikikoma. Joto halipiti kwenda kwenye mapezi. Hapo mkunjo hauna kosa, na hakuna namba itakayokusaidia mpaka kipozeo kifunguliwe, pesti ya zamani ifutwe, na mpya ipakwe.

Dalili: feni iko kasi kamili muda wote, hata ukibadili mkunjo

Kabla ya yote hesabu pini. Feni yenye waya tatu hudhibitiwa kwa kupunguza umeme, na yenye waya nne hudhibitiwa kwa ishara ya PWM inayopita kwenye waya wa nne. Ukichomeka feni ya waya tatu kwenye soketi iliyowekwa PWM, inapata volti 12 kamili bila kukoma, kwa sababu haina waya wa kupokea amri. Ingia BIOS, chagua soketi husika, badilisha kutoka PWM kwenda DC. Kwenye kasha nilizofungua, feni za bei nafuu zinazokuja nalo mara nyingi zilikuwa za waya tatu, kwa hiyo anzia hapo.

Pili, angalia feni inafuata sensa ipi. Kila soketi huchaguliwa chanzo chake cha joto: prosesa, bodi, au sehemu nyingine. Nimekuta feni ya kasha imeunganishwa na sensa ambayo haipo, inayosoma nyuzi 127 au namba nyingine ya ajabu isiyobadilika. Feni inafanya kazi yake kwa uaminifu kabisa, ila imepewa habari ya uongo.

Tatu, kuna programu ndani ya Windows inayoipindua BIOS. Ukiwa kwenye BIOS feni ni tulivu, lakini Windows ikimaliza kuwaka inaanza kuvuma. Ondoa programu ya feni iliyokuja na bodi, au iweke ifuate BIOS. Bwana mmoja aachiwe usukani, wakiwa wawili watavutana.

Nne, huenda waya wa feni umechomekwa moja kwa moja kwenye pawa saplai kwa plagi kubwa ya pini nne. Hapo bodi haina sauti juu yake.

Neno kwa wenye kompyuta za maofisini zilizotumika, zile ndogo zinazoingia kwa wingi madukani. Nyingi hazina mkunjo wa kubadilisha kabisa, na baadhi zina plagi ya feni isiyo ya kawaida. Za HP mara nyingi zina kipengele kimoja tu, Increase Idle Fan Speed, ambacho kinaongeza kasi ya chini. Ukikikuta kiko juu, kirudishe 0 kisha pima. Zaidi ya hapo, safisha vumbi na badilisha pesti. Usikate waya ili uchomeke feni nyingine, kwa sababu mashine inaweza kukataa kuwaka ikikosa ishara iliyoizoea.

Dalili: mashine ni kimya, lakini inakuwa nzito au inazimika yenyewe

Hii ndiyo hatari. Prosesa ikifika kikomo hujipunguzia kasi ili ijiokoe. Kwa Intel Core nyingi kikomo hicho ni nyuzi 100, na kwa familia ya Ryzen 5000 ni 90 au 95 kutegemea toleo. Wewe utaona video inakwama tu, au kazi ya dakika 5 inachukua 9. Ikishindwa hata kujiokoa, bodi inakata umeme.

Rudisha mkunjo wa kiwandani kwanza, kabla ya kufikiria kingine. Tatizo likiondoka, mkunjo wako ulikuwa wa chini mno kwa chumba chako. Pima tena mchana, saa ya joto kali. Nimeona mashine iliyorekebishwa usiku wa Julai ikafanya kazi vizuri hadi Desemba, kisha ikaanza kuzimika kila siku baada ya chakula cha mchana. Acha nafasi ya nyuzi 10 angalau kati ya joto la kazi nzito la siku yenye joto zaidi na kikomo cha prosesa.

Ryzen 7000 ni ubaguzi unaostahili kujulikana. Nyingi zimeundwa kupanda hadi nyuzi 95 zikipewa kazi nzito na kukaa hapo, zikitumia kila nafasi ya upoaji zinayopewa. Ukiziwekea asilimia 100 kwenye nyuzi 80, utapata kelele muda wote wa kazi bila joto kushuka sana.

Kama mkunjo wa kiwandani hauponyi, angalia vumbi. Hapa kwetu, madirisha yakiwa wazi na barabara ya vumbi nje, kichujio cha mbele huziba kwa miezi michache. Zima, chomoa waya, shika panga la feni kwa kidole lisizunguke, kisha safisha kwa brashi laini. Feni ikipulizwa hewa kwa nguvu huku iko huru huzunguka kupita kiasi na beringi zake huharibika.

Linalofuata ni kosa linalofichika: feni za kasha zinafuata prosesa peke yake, wakati anayechoma ni kadi ya michoro. Ukicheza gemu, prosesa inaweza kuwa nyuzi 65 tu huku kadi ikimwaga wati 200 ndani ya kasha. Feni za kasha zinaona prosesa imetulia, nazo zinalala. Zibadilishie chanzo ziifuate sensa ya bodi, ambayo hupanda polepole kadiri hewa ya ndani inavyopata joto, na uzipe asilimia 40 za chini zisizoshuka. Feni mbili za kasha zinazozunguka taratibu muda wote hazisikiki kwa mtu aliyekaa mezani, na zinampunguzia kazi kila aliyemo ndani.

Kuna wakati namba hazikubali. Kipozeo ni kidogo, chumba kina joto, na huwezi kupata ukimya na usalama kwa pamoja. Hapo punguza joto linalozalishwa badala ya kubishana na feni. Kwenye bodi nyingi za AMD utakuta Eco Mode, na prosesa ya wati 65 ikiwekwa daraja la wati 45 hupoteza kasi kidogo sana kwa kazi za kawaida. Kwenye Windows unaweza pia kushusha Maximum processor state hadi asilimia 99, jambo ambalo kwa kawaida huzuia prosesa kujiongezea kasi, na miruko mingi ya joto hukoma. Mashine itakuwa nzito kidogo, ndiyo maana hili si chaguo la kwanza.

Dalili: skrini inaandika CPU Fan Error! Press F1 to Run Setup

Mara nyingi feni ni nzima. Umeipunguza hadi, tuseme, mizunguko 450 kwa dakika, na bodi imeambiwa chochote chini ya 600 ni feni iliyokufa. Tafuta CPU Fan Speed Low Limit, ishushe hadi 300 au 200. Chaguo la Ignore lipo, lakini siku feni ikifa kweli hutapewa onyo. Usiliguse, isipokuwa feni ya prosesa haipo kabisa kwa sababu unatumia upoaji wa maji na pampu imechomekwa soketi nyingine. Na hata hapo, ni bora waya wa kasi wa pampu uwe kwenye CPU_FAN ili bodi iendelee kulinda.

Ikiwa hukubadilisha chochote na ujumbe umetokea wenyewe, fungua kasha utazame. Kama feni haizunguki, zima mara moja.

Dalili: feni inasimama, inashtuka, inasimama tena, au inatoa tiki-tiki

Kila feni ina kasi ya chini ambayo chini yake inashindwa kujisukuma, hasa ya waya tatu ikidhibitiwa kwa DC. Shusha asilimia tano tano ukiitazama mpaka isimame, andika namba hiyo, kisha weka sakafu yako asilimia 10 juu yake. Feni inahitaji nguvu zaidi kuanza kuliko kuendelea, na mafuta ya beringi yakizeeka hitaji hilo huongezeka. Kama tiki-tiki inasikika kwa kasi zote, sukuma waya pembeni kwanza. Ukiwa haugusi panga lolote, beringi imechoka, nunua feni mpya.

Pampu ya maji usiitendee hivi. Iache kwenye kasi moja, ya juu au ile iliyopendekezwa na mtengenezaji, na mkunjo uweke kwenye feni za rejeta pekee.

Dalili: mipangilio inafutika

Ikiwa saa ya kompyuta nayo inarudi nyuma kila umeme ukikatika, betri ya CR2032 kwenye bodi imekwisha. Mpya husoma volti 3 au zaidi kidogo, ikishuka karibu na 2.7 ibadilishe. Kama saa iko sawa, huenda ulisasisha BIOS, kitendo ambacho mara nyingi hurudisha kila kitu cha kiwandani. Ile picha ya simu, pamoja na nyingine ya mkunjo wako mpya, ndiyo itakayokuokoa.

Wakati wa kuacha na kumwita fundi

Acha mara moja ukisikia harufu ya kuungua, ukiona pini ya soketi imekuwa kahawia, au tone la maji likionekana popote kwenye upoaji wa maji. Soketi nyingi za feni zimejengwa kwa ampea 1, kwa hiyo kama umegawanya moja kwa feni nne au tano na imeacha kufanya kazi, usihamie soketi ya jirani kujaribu tena.

Feni ya pawa saplai haimo kwenye mkunjo wako, hata ikiwa ndiyo inayovuma. Usilifungue boksi lile. Kapasita zake hubaki na umeme wa kukuumiza vibaya hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

Na kama prosesa inafika kikomo chake ndani ya dakika moja huku feni ziko asilimia 100, vumbi limetoka na pesti ni mpya, usiendelee kuiwasha ili kupima. Mpelekee fundi ile karatasi ya namba tatu na picha ya mkunjo. Ataanza na kipozeo, atatazama kama kimebana sawasawa pande zote nne, na kama kina mabomba ya joto, atayagusa kuona kama yanapata moto kwa usawa. Bomba moja likibaki baridi wakati mengine yanaunguza, limekufa, na kipozeo kizima hubadilishwa.